Hotuba ya mwalimu mkuu kwenye maonesho ya sanaa: unamshukuru nani, kwa lipi, na majina yote yaende wapi

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, nimeteuliwa mwaka huu. Ijumaa ijayo tuna maonesho ya kazi za sanaa za darasa la tano na la sita, kuna vyungu, vikapu vya ukili na picha za Tingatinga. Mgeni rasmi ni afisa elimu kata. Natakiwa kutoa hotuba ya ufunguzi na kushukuru wanafunzi, wazazi na walimu. Nimeandika kurasa nne ila nikisoma naona ni majina matupu, na nikipunguza naogopa kuna mtu atanuna. Halafu wazazi wengine walichangia hela na wengine hawakutoa kitu, nawashukuruje wote kwa pamoja? Nisaidie tafadhali."*

Mwalimu, hongera kwa kuteuliwa, na pole na hizo kurasa nne. Hofu yako ya mtu kununa ina msingi kabisa, watu wananuna kweli, tena mtu anaweza kukaa na kinyongo mwaka mzima kwa sababu ya jina moja lililorukwa kwenye maiki. Ila dawa yake sio kuongeza majina, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuweke sawa jambo moja kabla hatujagusa maneno yenyewe. Umesema hotuba ya ufunguzi, lakini una mgeni rasmi, na kama kuna mgeni rasmi basi anayefungua ni yeye sio wewe. Nimeona sana walimu wakuu wanamaliza hotuba yao na "natamka rasmi kuwa maonesho yamefunguliwa", alafu mgeni anasimama hana cha kufungua, anabaki anachekacheka tu pale meza kuu. Wewe ni mwenyeji, kazi yako ni tatu, unakaribisha, unashukuru, unamkaribisha mgeni azungumze na afungue. Basi. Hata ombi la madawati au la matundu ya vyoo usiliweke humo, hayo yana mahali pake kwenye risala, ambayo itasomwa kwa mgeni rasmi na mwanafunzi au mwalimu mliyempanga. Ukichanganya hotuba ya mwenyeji na risala unapata ndo hizo kurasa nne, na shukrani yako inaanza kusikika kama utangulizi wa kuomba. Mzazi anajua hiyo, akisikia anasifiwa sana anashika mfuko.

Sasa tuje kwenye majina. Ukisimama mbele ya watu ukasema namshukuru fulani, namshukuru pia fulani, nisimsahau fulani, kwa namna ya pekee fulani, watu wanasikiliza majina mawili matatu ya mwanzo, baada ya hapo kila mmoja anasubiri lake tu. Akilisikia anaacha kusikiliza. Asipolisikia anaumia. Kwa hiyo orodha ya majina ishirini haifurahishi watu ishirini, inachosha wote na inamuumiza wa ishirini na moja. Na hao wa "kwa namna ya pekee" wakifika wanne hakuna tena wa pekee. Shukrani inamgusa mtu pale anaposikia kitu alichokifanya kinatajwa, yaani kafanya nini na kile alichofanya kimeleta nini. Mama aliyekuja kuwaonyesha watoto kusuka ukili, ukisema "kuna mama alikaa na watoto wetu chini ya mwembe akawafundisha kuanza ukili, na vikapu vile mnavyoviona ndo matokeo yake", yeye anajijua, jirani zake wanamjua, watoto wanamgeukia wote. Hujataja jina na kashukuriwa kuliko aliyetajwa.

Ila majina bado yanatakiwa yaonekane, siwezi kukudanganya kwamba hayana kazi. Yana kazi kubwa ila mahali pake sio kwenye hotuba. Yaweke sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwenye kazi zenyewe, kila chungu, kila kikapu, kila picha iwe na kakadi kadogo ka manila, jina la mtoto kamili, darasa, na kazi imetengenezwa kwa nini, mfano "udongo wa mfinyanzi, umechomwa kwa kuni". Mzazi akifika kitu cha kwanza anatafuta jina la mwanae, akilikuta limeandikwa vizuri kwa herufi zinazosomeka ameshashukuriwa kabla hujafungua mdomo. Hakikisha jina halijakosewa, hapo ndo pa kuwa makini kweli, mpe kila mtoto akague kadi yake siku moja kabla. Sehemu ya pili ni karatasi moja kubwa ya manila mlangoni yenye kichwa "Tunawashukuru", hapo sasa andika majina yote ya waliosaidia, kwa alfabeti, bila kiasi cha hela na bila vyeo. Kwa alfabeti ni muhimu maana ukipanga vingine watu watahesabu nani yuko juu. Ukishafanya hivyo, kwenye hotuba unasema sentensi moja tu, majina ya wote yapo mlangoni, na umepona.

Na hiyo karatasi ina faida nyingine, mkigundua asubuhi ya Ijumaa kuna mtu mmemsahau mnaongeza kwa maka peni. Hotuba ikishasemwa haiongezwi.

Kuhusu wazazi waliotoa na wasiotoa, hapa nakusihi uwe mwangalifu sana. Shule yako ni ya serikali, toka 2016 elimu ya msingi ni bila ada na michango ina utaratibu wake, kwa hiyo kusimama kwenye maiki na kutaja nani katoa elfu ngapi sio tu kunawaaibisha wengine, kunaweza kukuletea maswali ambayo hukuyatarajia, na mgeni wako ni mtu wa idara hiyohiyo. Usiseme pia ile ya "wale wachache waliojitoa", maana hapo umewashukuru wachache kwa kuwasema wengi. Na methali ya asiyeshukuru kwa kidogo usiithubutu, kwa sababu mzazi aliyetoa kidogo ataisikia kama anaambiwa yeye.

Njia iliyo salama na ya kweli ni kuorodhesha aina za misaada bila wenyewe, na hela iwe moja tu kati ya hizo. Kaa na mwalimu wa sanaa leo au kesho umuulize, vitu vilivyotumika vilitoka wapi kimoja kimoja? Utashangaa. Hadibodi utaambiwa ni mabaki ya kwa fundi seremala ambaye ni baba wa mtoto wa la sita. Ukili ulitoka kwa bibi wa nani. Kuni za kuchomea vyungu zililetwa na nani. Na wale ambao kweli hawakuleta kitu, walichotoa ni muda wa mtoto, mtoto alikuwa anabaki shule mpaka saa kumi na moja wakati nyumbani maji hayajatekwa na mdogo wake hana wa kumbeba. Hiyo ni gharama, mzazi aliibeba, na wengi wetu hatuitaji kabisa. Ukiitaja hiyo hakuna mzazi pale uwanjani atakayejiona nje, na hujadanganya hata kidogo.

Kwa watoto usiseme tu "nawapongeza kwa kazi nzuri". Kazi nzuri kila mtu ataiona. Sema kitu ambacho mgeni hawezi kukiona kwa macho, yaani taabu iliyoko nyuma ya kile kitu. Chukua vyungu. Chungu kibichi ukikianika juani kinakauka upande mmoja haraka kuliko mwingine na kinapasuka, na ukikiingiza kwenye moto kabla hakijakauka mpaka ndani, ule unyevu uliobaki unageuka mvuke unakipasua humohumo motoni. Ndo maana wafinyanzi wanaanika kivulini, kwa siku kadhaa, na kugeuzageuza. Kama watoto wako walifanya hivyo basi hapo una sentensi bora kuliko sifa zote ulizoandika. Muulize mwalimu vilipasuka vingapi, na waliopasukiwa walifanyaje. Lakini usitaje mtoto mmoja kwa jina kuwa ndo bora, hata kama unamjua, maana wenzake wote wamesimama pale wanakutazama wewe mwalimu wao mkuu.

Picha za Tingatinga nazo zina kitu cha kusema kwa ufupi. Mtindo ule ulianzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta, zile zilizokuwa zinapatikana madukani kwa bei ya kawaida. Alifariki 1972 akiwa na miaka kama arobaini tu, na mtindo ukaendelea kwa ndugu na wanafunzi wake mpaka leo unajulikana duniani. Sasa watoto wako nao wametumia mabaki ya hadibodi na rangi ya dukani. Sentensi moja ya namna hiyo inamfanya mzazi aliyedhani watoto wamecheza tu aangalie ile picha ya chui kwa jicho lingine. Moja inatosha lakini, usigeuze iwe kipindi cha historia.

Walimu. Hapa kuna uamuzi wa kweli na siwezi kukuchagulia moja kwa moja. Ukimtaja mwalimu wa sanaa peke yake kwa jina, unamtendea haki maana kazi ni yake, ila stafu kunaweza kuwa na manung'uniko. Usipomtaja kabisa unamvunja moyo. Mimi ningemtaja yeye mmoja, kwa jina, na kitu kimoja alichofanya, halafu wengine kwa kazi zao bila majina, mwalimu wa taaluma aliyepanga ratiba, walimu waliotoa madarasa yao yakawa stoo ya vikapu, mlinzi aliyefungua geti Jumamosi. Na siku moja kabla, kwenye kikao kifupi cha walimu, waambie utafanya hivyo. Mtu akijua mapema hashtuki mbele za watu.

Urefu sasa. Kurasa nne za kuchapa ni karibu robo saa ukisoma kwa utulivu, na watoto watakuwa wamesimama juani. Lenga dakika nne au tano, maana yake maneno kama mia nne mpaka mia tano, kwa kuwa kwenye maiki ya uwanjani mtu anayeeleweka anasema kama maneno mia moja kwa dakika, akizidisha spika zinameza. Watu wanadhani hotuba ndefu ndo heshima kwa mgeni, wakati mgeni mwenyewe anataka afike kwenye meza ya vyungu.

Nimekuandikia mfano chini, ubadilishe kila kitu ambacho hakikutokea kwenu. Usisome jambo ambalo sio la kweli eti kwa sababu limekaa vizuri, watoto walikuwepo na wanajua.

> Ndugu mgeni rasmi, afisa elimu kata yetu, mheshimiwa diwani, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa. Wanafunzi, hamjambo?
>
> Karibuni sana shuleni kwetu. Mara nyingi tunawaita hapa kwa ajili ya matokeo ya mitihani. Leo tumewaita mje mtazame kazi za mikono ya watoto wenu.
>
> Nianze na wenye siku yao. Darasa la tano, vyungu vilivyopo pale mezani mmevitengeneza kwa udongo mlioubeba wenyewe kutoka bondeni. Mliutwanga, mkatoa mawe, mkafinyanga, halafu wiki nzima mkawa mnawahi asubuhi kuvigeuza kivulini visije vikapasuka. Vingine vilipasuka, na wenyewe walirudi wakafinyanga upya. Nawashukuru kwa hilo, nawashukuru sana. Darasa la sita, mmesuka vikapu na mmechora picha kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, kama alivyofanya Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mlikuwa mnachora jioni mpaka giza linaingia. Ahsanteni.
>
> Wazazi na walezi. Yupo aliyetoa fedha ya rangi. Yupo fundi aliyetuletea mabaki ya hadibodi kutoka karakana yake. Yupo bibi aliyekaa na watoto chini ya mwembe akawafundisha kuanza ukili. Wapo waliotuletea kuni. Na wapo wengi ambao mlimwacha mtoto abaki shuleni mpaka jioni wakati kazi za nyumbani zinamsubiri, mkazifanya wenyewe. Kazi zote mtakazoziona leo zina mkono wenu. Tunawashukuru wote, na majina yenu yapo pale mlangoni.
>
> Walimu wenzangu, namshukuru mwalimu (jina), mwalimu wetu wa sanaa, ambaye siku ya kuchoma vyungu alikaa na moto ule toka asubuhi mpaka jioni. Nawashukuru mliompangia muda, mliotoa madarasa yenu yakahifadhi vikapu, na mlinzi wetu aliyetufungulia geti siku za mapumziko.
>
> Ndugu mgeni rasmi, watoto hawa watasimama kila mmoja kwenye kazi yake. Tunakuomba wewe na wageni wote muwaulize walivyotengeneza, wana majibu. Baada ya risala yao tutakuomba uzungumze nasi na utufungulie rasmi maonesho haya. Karibuni sana.

Hiyo ni kama dakika tatu, na ukiweka nafasi za watoto kuitikia na watu kupiga makofi inafika nne. Ukiona bado unataka kuongeza, ongeza kitu kimoja kwa watoto, sio kwa meza kuu.

Mambo machache kuhusu huo mfano. Afisa elimu kata nimemwita ndugu mgeni rasmi, mheshimiwa nimemwachia diwani, na diwani hata akiwepo hamtangulii mgeni rasmi kwenye kutajwa, mwenye siku ni mgeni rasmi. Salamu nimeacha ya kawaida, kama eneo lenu mmezoea kuanza na salamu za dini basi toa zote, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe na Asalaam aleikum, usitoe moja ukaacha nyingine. Na ukiwauliza watoto hamjambo subiri kweli wajibu, watajibu kwa sauti moja "hatujambo, shikamoo mwalimu", uwanja mzima utachangamka na wewe utapata sekunde kumi za kushusha pumzi. Usiwakate.

Ile sehemu ya kutaja wageni iandike kwenye kakaratasi kake peke yake, tofauti na hotuba. Wageni wanabadilika dakika za mwisho, diwani kaja au kamtuma mtu, mwenyekiti wa mtaa kafika bila taarifa. Mpange mwalimu mmoja akae na kitabu cha wageni, na kabla hujasimama akuletee nani yupo kweli. Kumtaja mtu ambaye hayupo kunaleta minong'ono, kumruka aliyepo ni kosa linalokumbukwa.

Ulizia pia ratiba, mgeni anazunguka meza kwanza ndo mkae mzungumze, au mnazungumza kwanza? Ratiba nyingi mgeni anaanza na kutembelea kazi. Ikiwa hivyo, badilisha kila "mtakazoziona" iwe "mlizoziona", na ile sehemu ya mwisho ya kumwomba awaulize watoto itoe, maana ameshawauliza. Ni jambo dogo ila ukilisoma vile lilivyo watu watajua umesoma karatasi ya juzi.

Kusoma au kusema bila karatasi? Kwa mara ya kwanza soma tu, hakuna aibu yoyote, hotuba ya kukariri ikikatika katikati hairudi kirahisi. Ila inua macho mara tatu, ukifika kwa watoto waangalie watoto, kwa wazazi waangalie wazazi, kwa walimu vivyo hivyo. Printi kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na usikunje pale kati maana upepo wa uwanjani unaipeperusha.

Kuna vitu ambavyo maandishi yangu hayawezi kumaliza, itabidi uonane na watu. Kuhusu itifaki na nani ametumwa kumwakilisha nani, pita ofisi ya kata mapema wiki hii uwaonyeshe ratiba, wao ndo wanajua utaratibu wa eneo lenu. Na kama ile michango imeshaleta maneno, labda kuna mzazi analalamika hela yake haionekani au kuna aliyeambiwa mwanae hatashiriki kwa sababu hakutoa, hilo usijaribu kulipoza kwenye hotuba hata kwa sentensi moja. Kaa na mwenyekiti wa kamati ya shule na huyo mzazi kabla ya Ijumaa, mkiwa na daftari la mapato na matumizi mezani. Na kama mtoto yeyote kazi yake ilizuiliwa kwa sababu ya mchango, irudishwe mezani na kadi yake iandikwe kama za wenzake, kabla hujamshukuru mtu yeyote.

Alhamisi jioni maiki zikishafungwa, simama pale utakaposimama usome yote kwa sauti, na mwalimu wa sanaa akae nyuma kabisa ya uwanja, akunyooshee mkono kila asipokusikia. Yeye pia ndo akuambie kama kuna jambo la vyungu umelieleza vibaya.